Mnunuzi akisema «bei iko juu», tusikimbilie kupunguza

Mnunuzi wa Kindu ametuma mesaji: «Bei iko juu. Muko na saki ngapi?» Sekretere anaisoma kwa sauti mbele ya depo, na kabla hajamaliza, mwanamemba mmoja anasema: «Tupunguze, asitukimbie.» Tumeona jambo hili mara nyingi, Kasongo na Kabambare pia, na sisi wa komite ya mauzo tumefika mahali pa kusema wazi kwamba hatukubaliani nalo. Mesaji ile haikuomba tupunguze kitu.

Tuisome tena polepole. Iko na sehemu mbili. Ya kwanza ni malalamiko ya bei, na hayo kila mnunuzi anayasema, hata mama anayenunua fungu la nyanya sokoni. Ya pili ni swali. Mtu asiyetaka mchele hana kazi na hesabu ya saki zetu. Anayeuliza tuko na ngapi amekwisha anza kupiga hesabu yake: kamio itajaa ao haitajaa, pesa aliyo nayo itatosha ao atatafuta mwenzake. Uzito wa mesaji uko kwenye swali, na sisi tulikimbilia malalamiko.

Tuone inatugharimu nini. Tuseme tuko na saki 40 za kilo 100, na bei tuliyokubaliana katika mkutano ni falanga 2.000 kwa kilo. Tukishusha falanga 200 tu kwa kilo, tumeacha falanga 800.000 kwa sababu ya maneno matatu ambayo yeye mwenyewe hakuyangojea jibu. Tena tumemfundisha kwamba bei yetu ya kwanza haikuwa bei ya kweli. Kesho atasema tena iko juu.

Jibu letu lingekuwa hivi: «Tuko na saki 40 za kilo 100, mchele umekwisha kobolewa, unapakiwa Kasongo. Unataka kuchukua ngapi, na siku gani?» Juu ya bei hatusemi kitu. Kama bei ndiyo shida yake kweli, atairudia, hana haya. Kama atajibu «25, juma lijalo», basi yuko karibu kununua, na hapo ndipo tunaweza kuongea bei kama watu wazima: tunapunguza kidogo akichukua zote 40 na kulipa wakati wa kupakia. Tunatoa kitu, naye anatoa kitu.

Lakini kuna mesaji nyingine inayofanana na hiyo, na ndani yake iko tofauti: «Bei iko juu. Ni mchele ya namna gani? Nitaona.» Huyu hakuuliza idadi wala siku. Ameuliza namna ya mchele, halafu akarudi nyuma. Mara nyingi mtu wa hivi ameumia mahali. Amewahi kununua mchele wenye majiwe, ao mchele wa mpunga ambao haukukauka. Sisi walimaji tunajua mambo hayo kuliko yeye: mpunga usiposhuka mpaka unyevu wa karibu asilimia 14, unavunjika-vunjika kwenye mashini, na ukikaa ndani ya saki unapata joto na harufu. Anaogopa hilo. Hawezi kutuambia «naogopa mutanidanganya», itakuwa matusi. Kwa hiyo anafunika woga wake kwa neno ambalo halimkasirishi mtu, na neno hilo ni bei.

Kwa huyu kupunguza bei ni kuharibu zaidi. Atajiuliza: mbona wanashuka haraka, mchele una nini? Afadhali tumfungulie mlango aseme: «Ni bei peke yake, ao kuna jambo juu ya mchele wenyewe? Utuambie tu, baba, hatutakasirika.» Halafu tumpe kitu cha kushika. Tutume kilo 2 za kuonja, zilizochotwa kwenye saki mbalimbali, juu, katikati na chini, na mtu wake akiwa Kasongo aje achote kwa mkono wake mwenyewe. Tumwambie ataleta mizani yake. Tukichota saki moja nzuri tu, atagundua siku ya kupakia, na siku hiyo ndiyo mbaya zaidi ya kugunduliwa. Akiisha kuona mchele na bado anasema bei, basi sasa ni bei kweli.

Kwa wenzetu wa Kabambare woga unapita mlango mwingine. Mnunuzi wa upande wa Fizi anaandika: «Barabara iko aje sasa?» Wengine wanafikiri ni salamu. Hapana, anauliza nani atabeba hasara kamio ikikwama siku tatu kwenye matope na saki zikilowa. Ukimjibu «iko muzuri» na si kweli, umepata komande moja na kupoteza mnunuzi. Mwambie mahali gari inapita na mahali inapokwama, kisha mwambie nyinyi mnaweza kufikisha mzigo wapi kwa pikipiki, na kwa gharama ya nani. Swali la barabara ni la mtu anayetaka kuja.

Mesaji ya tatu ni fupi na ya adabu: «Asante sana, nitawajulisha.» Hakuna swali, hakuna hesabu, hakuna siku. Kwetu mtu mwenye heshima hasemi «hapana» usoni mwa mtu, na hii ndiyo hapana yake. Tumjibu mara moja tu: «Saki 20 tunakuwekea mpaka siku ya ijumaa. Kama haitawezekana, sema tu, hakuna ubaya.» Jumamosi tunamtafuta mwingine. Kuna koperative zinazokaa mwezi mzima na mchele kwenye depo kwa ajili ya «nitawajulisha», panya wanakula, na wanamemba wanakosa pesa ya minervali ya watoto.

Tukubali pia kwamba ufupi peke yake si alama ya kitu. Pengine unite zimekwisha, ao rezo inakatika, ao ameazima simu ya shofere. Tusimwone mtu amekasirika kwa sababu ameandika maneno mawili. Mesaji ikiwa na maana mbili, tumpigie. Tena isisomwe na mtu mmoja: mwenye deni la haraka atasoma kila mesaji kama sababu ya kushusha bei. Na kama depo inavuja na mvua imekaribia, sawa, tupunguze, lakini tuseme ni kwa ajili ya mvua.

Iko mesaji moja tunayoiogopa kuliko zote, nayo inaonekana tamu: «Bei sawa. Mutume zote, nitalipa mukifika.» Hakulalamika juu ya bei, hakuuliza namna ya mchele wala mizani. Msimu mmoja tulishangilia mesaji ya hivi, tukapakia. Mtu ambaye bei haimuumi pengine hana mpango wa kuilipa, na sisi hatukuliona hilo mpaka simu yake ilipoacha kuita. Siku hizi tunamjibu: «Asante, baba. Utume nusu ya pesa kwanza kwa M-Pesa ao Airtel Money ya koperative, nusu nyingine siku ya kupakia.» Mwenye nia anaanza kubishana juu ya nusu ile, anataka robo, na tunaongea. Yule mwingine haandiki tena.