Kumi kwa siku inatosha, kama umeipa kazi

Kila mtu anajua haba na haba hujaza kibaba. Kile tunasahau ni kwamba kibaba ni kipimo: kina ukubwa wake, na kikijaa unaona. Akiba nyingi za kidogo kidogo kwenye simu hazina kibaba. Bob tano hapa, kumi pale, halafu siku moja ya mvua zinatolewa zote na huwezi kusema zilifanya nini.

Tuanze na ile njia ya kujazia malipo. Umelipa 243, unahesabu kama 250, zile 7 zinaenda kwa akiba. Inasikika vizuri, ila bei zetu za kila siku huishia kwa sifuri. Chukua siku moja ya fundi wa nguo: matatu 80, chai na chapati 60, tokeni za stima 100, dukani 245, matatu ya jioni 100. Akijazia hadi kumi iliyo karibu, siku nzima ameweka bob 5. Kwa siku 26 za kazi, hiyo ni 130. Akijazia hadi 50, siku hiyo hiyo inampa 65, na mwezi wa siku kama hizo unafika 1,690. Kwa hivyo kabla hujasema njia hii haisaidii, angalia unajazia hadi ngapi.

Hata hivyo, mimi siipendi sana. Inafuata matumizi. Siku umetumia sana ndiyo unaweka sana, na ukilala nyumbani na homa huweki chochote. Bili nayo haijui ulikuwa na homa.

Ndiyo maana naona kiasi kimoja kila siku ni bora, mradi kimepimwa kutoka kwa bili yenyewe. Mfano mzuri ni SHA. Kwa familia isiyo na mshahara, mchango ni asilimia 2.75 ya mapato ya nyumba, na haupungui shilingi 300 kwa mwezi. Shida ni kwamba unalipwa wa mwaka mzima kwa pamoja. Kwa anayelipa kiwango cha chini, hiyo ni 3,600 kwa mpigo, na watu wengi hapo ndipo wanakwama, si kwa ile 300.

Sasa gawanya. Shilingi 10 kwa siku 365 ni 3,650. Bili imeisha na 50 zimebaki. Kama umepimwa 500 kwa mwezi, mwaka ni 6,000, na 17 kwa siku zinatosha. Na kama umeamka ukiwa umebakisha siku 120, usiendelee na kumi ukitumaini. Ni 30 kwa siku. Hesabu ni ile ile kila mara: bili gawanya kwa siku zilizobaki. Ukipata jibu unaloweza kulitoa hata siku mbaya, hapo akiba ndogo inafanya kazi. Usipoliweza, tafuta njia nyingine mapema. Ploti ya 400,000 kwa kumi kumi ni zaidi ya miaka 109, na hatuwezi kungojana hivyo.

Kuna mahali pesa hizi huvuja, na ni wakati wa kuzitoa. Kwa viwango vya M-Pesa vya 2023, kutoa chochote kati ya 101 na 2,500 kwa wakala ni shilingi 29. Ukitoa 300, umetoa jasho la siku thelathini, na karibu siku tatu kati ya hizo zimeenda kwa ada. Ukifanya hivyo mara nne kwa mwaka, ni 116. Kwa hivyo bili ya SHA ilipe moja kwa moja kutoka kwa simu, usiitoe kwanza mkononi.

Uvujaji mwingine hauonekani haraka. Asubuhi umeweka 50 kwa akiba, jioni umepungukiwa 50 na unamaliza malipo kwa Fuliza. Hapo umejikopesha pesa zako mwenyewe kwa ada, huku akiba yako ndogo ikipata riba ambayo hata hutaiona. Fungua taarifa yako ya mwezi uliopita uangalie siku ulizoweka akiba. Kama siku hizo hizo, au kesho yake, kuna Fuliza, punguza kiasi mpaka Fuliza iondoke kwenye orodha. Bob 10 zinazokaa mwaka mzima ni 3,650. Bob 50 zinazorudi jioni ni sifuri, toa ada.