Kokoto Sita za Kima na Papa

Juma hili twaeleza somo moja la masimulizi la dakika 30, ambalo mwalimu aweza kulitoa darasani na mama akalirudia nyumbani baada ya chakula cha usiku. Tumechagua kisa cha kima na papa, ambacho wengi wetu tulikisikia kwa bibi zetu.

Kwanza kigawe kisa katika matukio sita. Kima, juu ya mkuyu, amtupia papa matunda. Papa amwalika kwao, naye apanda mgongoni. Wafikapo kilindini, papa afichua kwamba sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima ajibu kwamba moyo ameuacha mtini. Papa amrudisha pwani. Kima arukia mti wake, asishuke tena.

Baada ya Paukwa na Pakawa, simulia mara moja tu, kwa dakika sita, bila kitabu wala picha. Picha zikitangulia, mtoto hutazama picha akaacha kusikiliza. Kisha watoto wakae wawili wawili. Mmoja asimulie, na mwenziwe awe na kokoto sita, asogeze moja kila asikiapo tukio jipya. Tukio likirukwa, asimkatize. Angoje mpaka mwisho, ndipo aseme ni lipi lililokosekana. Baada ya dakika tano wabadilishane zamu.

Tulipolijaribu somo hili, mtoto mmoja msemaji hodari alisimulia bila kusita, na kokoto zote sita zikasogea. Tulikuwa tayari kumsifu, ila mwenziwe, mtoto mkimya, akauliza: “Kima alijuaje kwamba moyo wake watakiwa?” Kumbe msimulizi alimfanya kima aseme moyo wake uko mtini kabla papa hajafichua siri. Sisi watu wazima hatukuliona hilo.

Hapo ndipo penye upungufu wa kokoto: zahesabu matukio, hazionyeshi lipi limezaa lipi. Basi dakika zilizosalia zitumike kwa maswali ya sababu. Kwa nini papa alirudi pwani? Kwa nini kima hakushuka? Mtoto aungaye kila kitu kwa “halafu, halafu” ajua orodha; asemaye “kwa kuwa papa alimwambia” amekishika kisa. Aliyekosea usimwambie amekosea. Muulize swali lile la mtoto mkimya, naye atarudi mwenyewe kupapanga mahali pake.

Lakini si kila tofauti ni kosa. Nyumba moja husema aliyeugua ni sultani wa papa, nyingine husema ni mkewe. Hilo lisihesabiwe. Linaloangaliwa ni kwamba siri itangulie hila.