Mwezi Usambara si kifungo

Mwandishi aliyedai kwamba kukaa mwezi mzima katika eneo moja ni kujinyima nchi amehesabu miji, akasahau kuhesabu siku. Anayehama kila baada ya siku 3 atahama karibu mara 10 kwa mwezi. Kila kuhama hula sehemu kubwa ya siku: kufunga mizigo, kungoja basi, kusafiri na kutafuta chumba. Theluthi ya mwezi inaweza kuishia barabarani.

Tuchukue Usambara Magharibi. Kupanga chumba Lushoto si kufungiwa Lushoto. Kuna msitu wa Magamba, magenge ya Irente, Soni, na Mtae iliyo ukingoni, juu ya mbuga ya Mkomazi. Ukungu ukifunika Mtae, mpita njia huondoka hajaona kitu. Mwenye mwezi hurudi siku nyingine. Gulio nalo lina siku yake, halimngojei mwenye haraka.

Mwandishi huyo anasema pia kwamba ukikosea chumba utateseka mwezi mzima. Kwani nani kakulazimisha kulipa mwezi siku ya kwanza? Lipa wiki moja, uone kama maji yanatoka na usiku ni tulivu, kisha zungumza bei ya mwezi.

Yuko sahihi kuhusu masika tu: kati ya Machi na Mei njia za udongo huteleza na vijiji vya mbali havifikiki kwa urahisi. Lakini hilo ni kosa la kuchagua msimu. Nenda Julai, ubebe sweta.