Nyanya za Ilula Zinaozeshwa

Kila msimu wa nyanya wimbo ni uleule: mkulima apewe elimu ya kuhifadhi mazao. Elimu gani, jamani? Mkulima wa Ilula anajua fika nyanya yake inaharibikia wapi. Inaharibikia ndani ya tenga.

Kutoka Ilula hadi Dar ni zaidi ya kilomita 400, kuteremka Kitonga na kukata joto la Morogoro. Tenga la mbao limejazwa mpaka limeota kichuguu, limefungwa kamba, halafu lingine linapandishwa juu yake. Hilo la juu halikalii mbao, linakalia nyanya. Za chini zinapasuka, ukungu unaingia, na zilizoumia zinatoa gesi inayoharakisha kuiva kwa zile nzima. Ukitaka ushahidi, chungulia chini ya Fuso likishusha mzigo sokoni Ilala. Maji yanachuruzika.

Sasa mbona mnunuzi anavumilia hasara hiyo? Kwa sababu si yake! Tuseme tenga la haki ni kilo 40, lumbesa ikalifikisha 50. Mkulima analipwa tenga moja tu. Njiani zikioza kilo 8, mnunuzi anabaki na 42, bado kazidi kwa kilo 2. Yaani uozo wote umeshalipiwa shambani, na mlipaji ni mzee wako kijijini.

Ndiyo maana kreti za plastiki hazipendwi. Kreti zinapandana ukingo kwa ukingo, uzito unabebwa na plastiki, na ukiweka kichuguu ya juu yake haikai. Kreti inaua lumbesa.

Na lumbesa ni kosa kisheria, Sheria ya Vipimo ipo. Ila huko vijijini mkusanya ushuru hakosekani, inayokosekana ni mizani. Hivi kweli hilo nalo linahitaji semina?

Tunachodai ni kituo cha kukusanyia mazao chenye kivuli na mizani, bei iwe kwa kilo. Leo mwenye matenga 6 anavuna asubuhi, anasubiri gari mpaka usiku, nyanya zinapikwa na jua. Wakulima 15 wakipanga siku moja, wakavuna alfajiri nyanya zilizoanza tu kugeuka rangi na kuzipeleka kivulini, Fuso linajaa jioni na kuondoka usiku kwenye ubaridi.

Tusidanganyane lakini: kreti zisizorudi ni hasara nyingine, maana Dar kreti tupu inageuka kiti cha kijiweni. Anayeichukua aweke amana, arudishiwe akiileta. Na kreti za kuanzia zinunuliwe kwa ushuru uleule ambao mkulima ameshaulipa.

Diwani wako akiitisha mkutano, usimuulize habari za elimu. Muulize mizani ya kata iko wapi.